Mzee Ruti na Kontena Lililokufa kwa 139

Ndugu zangu mafundi wa seva, wazee wangu mliotangulia, na nyie vijana mliojibana kule nyuma karibu na soketi za umeme, habari za jioni.

Waandaaji waliniomba mada kuhusu makontena. Nimeleta hadithi. Mzee nitakayemsimulia nimemtunga mwenyewe, na chama chake cha akiba na mikopo nacho nimekitunga, kwa hiyo msianze kukitafuta mjini. Lakini kila hitilafu itakayompata ni ya kweli, maneno ya skrini nitakayoyasoma ndiyo hayo hayo mtakayoyakuta kwenye mashine zenu, na amri zote mnaweza kuzijaribu mkifika nyumbani. Nimeamua hivyo kwa sababu mada za makontena huwa zinatolewa na watu waliozaliwa nayo. Mimi nataka tumtazame mtu ambaye alikuwa na sababu nzuri za kuyakataa.

Ofisini walimwita Mzee Ruti, kwa kuwa neno la siri la `root` lilikuwa kichwani mwake peke yake na kila meneja aliyepita alijaribu kulipata akaondoka bila. Seva ya mikopo aliisimika mwaka 2012: CentOS 6 kutoka kwenye DVD, Apache, MySQL, na PHP 5.3 iliyokuja na mfumo huo. Tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine ulioigusa. Kila alipobadilisha kitu alikiandika kwenye kaunta buku la kwaya tatu: tarehe, amri, sababu. Ukifungua unakuta mistari kama, "Nimepandisha `memory_limit` kuwa 256M, ripoti ya Desemba inakatikia katikati." Nawaambia ukweli, ningepewa nichague kati ya hilo daftari na nyaraka za kampuni nyingi ninazozijua, ningechukua daftari.

Sasa, CentOS 6 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 30 Novemba 2020. Muda si mrefu Mzee akapiga `yum update`, akaletewa hii:

```
YumRepo Error: All mirror URLs are not using ftp, http[s] or file.
```

Ujumbe wa ajabu huo, unakufanya udhani mtandao wako ndio mbovu. Maana yake halisi ni kwamba orodha ya seva za kupakulia imeondolewa, na vifurushi vimehamishiwa ghalani, kwenye `vault.centos.org`, ambako havipati tena marekebisho ya usalama. Hilo Mzee alilimeza. Lililomkosesha usingizi ni diski. Kila wiki alikuwa anapiga `smartctl -a /dev/sda`, na namba ya `Reallocated_Sector_Ct` ilikuwa inapanda. Diski ikianza kuhamisha sekta zake mbovu kwa kasi hiyo, mwenye akili huanza kutafuta pa kuhamia.

Ofisi ikanunua mashine mpya, ikawekwa Debian 10. Hapo ndipo palipokwama. Debian 10 inakuja na PHP 7.3, na programu ya mikopo ilikuwa imejaa `mysql_query` kila ukurasa. Familia nzima ya amri hizo iliondolewa kwenye PHP 7.0. Ukiihamisha programu kama ilivyo haifunguki hata ukurasa wa kuingilia. Aliyeiandika alipatikana, akasema kuibadilisha yote ni kazi ya miezi. Diski ile isingesubiri miezi.

Kulikuwa na binti mmoja ameajiriwa karibuni, msaidizi wa Mzee. Akamwambia, "Mzee, tuiweke CentOS 6 yako ndani ya kontena, juu ya Debian mpya. Programu haitajua kama imehamishwa."

Mzee hakucheka wala hakufoka. Alisema, "Mwanangu, kitu nisichokijenga siwezi kukitibu. Hiyo imeji unayoishusha mtandaoni nani kaipika? Ikifa saa nane usiku, mimi naanza kuangalia wapi?"

Naomba msimwone mzee wa kizamani. Maswali yote mawili ni halali. Kuna watu humu ndani, sitawatazama, wanashusha imeji ya mtu wasiyemjua, wanaiwasha mbele ya wateja, na hawajawahi hata kupiga `docker history` waone imejengwaje. Mzee Ruti alikuwa anataka kujua ataanzia wapi kitakapokufa. Basi bahati ikawa upande wake, kwa sababu kontena la kwanza lilikufa hapo hapo mbele yake.

Binti aliandika:

```
docker run -it centos:6 bash
```

Imeji ikashuka, mistari ikajaa, kisha ikarudi alama ya kusubiri amri ya mashine mama. Hapakuwa na kosa wala onyo. Akarudia, ikawa vile vile. Akapiga `docker ps -a`, akakuta kontena lipo, limekufa, limeandikwa `Exited (139)`. Akajaribu `centos:7`, ikawaka vizuri. Akarudi kwenye 6, ikafa.

Binti akaanza kushuku imeji imeshuka nusu. Mzee alikuwa ameegemea kiti, akauliza, "Mia thelathini na tisa toa mia moja ishirini na nane ni ngapi?"

"Kumi na moja, Mzee."

"Kumi na moja ni ishara gani?"

Prosesi ikiuawa kwa ishara, namba inayorudi ni 128 ukijumlisha namba ya ishara. Ya 11 ni `SIGSEGV`: prosesi imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, kerneli ikaipiga chini. Mzee alijua hilo tangu enzi binti hajaanza shule. Akamwambia, "Basi hiyo imeji yako ni nzima. Kuna mtu kaiua, na anayeua namna hiyo ni kerneli, na kerneli ikiua huwa inaandika. Nipigie `dmesg`."

Wakakuta hii, nimeikata mkia:

```
bash[24790] vsyscall attempted with vsyscall=none ip:ffffffffff600400
```

Hapa naomba tusimame kidogo. Zamani, ili programu iulize saa bila kulipa gharama ya kuingia ndani ya kerneli, Linux iliweka ukurasa mmoja wa kumbukumbu mahali palepale pasipobadilika, katika kila prosesi. Unaruka kwenye anwani hiyo, unapewa saa, unaendelea na shughuli zako. Ubaya wake ni kwamba anwani isiyobadilika ni zawadi kwa mvamizi, kwa hiyo maktaba mpya zikaacha kuutumia, na Debian ikaufunga kabisa kwenye kerneli zake. CentOS 6 ina glibc 2.12, ya zamani, ambayo bado inauendea. Hiyo `600400` mwishoni mwa anwani ni mlango wa kuulizia saa. Yaani `bash` ya mwaka ule iliamka, ikauliza saa, ikakuta mlango umezibwa, ikafa kabla haijasema neno.

Tiba yenyewe ni fupi. Kwenye `/etc/default/grub` unaongeza `vsyscall=emulate` katika mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, unapiga `update-grub`, unawasha mashine upya. Ukurasa unarudi ukiwa umeigizwa na kerneli, si ule wa wazi wa zamani. Hata hivyo umefungua kitu ambacho Debian ilikifunga kwa makusudi, na umekifungua kwa mashine nzima, si kwa kontena moja. Mzee aliliandika hilo kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Lakini kabla hajaandika, aliuliza swali ambalo ndilo lililoniletea hadithi hii. "Subiri kwanza. Kwa nini kerneli ya Debian inaua `bash` ya CentOS? Hiyo CentOS haina kerneli yake?"

"Haina, Mzee. Inatumia ya hapa."

"Haina kabisa?"

"Haina. Nilidhani unajua."

Hakujua. Miaka yote alikuwa amesikia watu wakiyaeleza makontena kama mashine ndogo ndani ya mashine kubwa, na yeye mashine pepe alizijua vizuri, zina BIOS yake, kerneli yake, diski yake ya kuigiza. Akadhani ni ukoo huo huo. Na mkitaka kumpoteza fundi mzoefu, mweleze kontena kwa mfano wa mashine ndogo. Atatafuta kerneli ndani yake, ataikosa, ataacha kuwaamini nyie na kontena lenu.

Mashine ilipowashwa upya na kontena likakubali kusimama, Mzee alitaka kuona mwenyewe. Binti akawasha moja lenye kazi ya kulala tu:

```
docker run -d --name jaribio centos:6 sleep 1000
docker exec jaribio ps -ef
ps -ef | grep 'sleep 1000'
```

Ndani ya kontena, `sleep` ni prosesi namba 1, kana kwamba ndiyo mfumo mzima. Nje, kwenye Debian, `sleep` ile ile ina namba 25112, imepangwa kwenye orodha pamoja na `sshd` na `cron` na wenzake. Mzee akaingia kama `root` upande wa nje, akapiga `kill -9 25112`. Kontena likafa. `docker ps -a` ikasema `Exited (137)`. Akatoa 128 kichwani, akabaki na 9, akatikisa kichwa akiwa ameridhika.

"Kumbe ni prosesi," akasema. "Prosesi iliyofichwa wenzake."

Ndiyo, Mzee, na hakuna zaidi ya hapo. Kerneli ya Linux ina uwezo wa kuifanya prosesi isione prosesi nyingine, ione mafaili yake tu, iwe na jina lake la mashine na mtandao wake. Kazi ya pili, ya kuipimia kumbukumbu na muda wa kichakataji, inafanywa na `cgroups`, iliyoingia kwenye Linux 2.6.24 mapema mwaka 2008. Docker ilionyeshwa hadharani mwaka 2013. Ilivikuta vyote hivyo vipo, ikaleta njia rahisi ya kuvitumia vikiwa pamoja na namna ya kufungasha mafaili. Na wazo la kuipa programu mzizi wake wa bandia ni la 1979, `chroot` ya Unix. Mzee mwenyewe alikuwa amesimika `bind-chroot` kwenye seva za majina miaka ya nyuma, akiifungia `named` ndani ya `/var/named/chroot` ili ikivamiwa isitoke. Alikuwa anatumia babu wa kontena na hakuna aliyemwambia kwamba ni ndugu.

Tangu siku hiyo hakuuliza tena kama kontena linaaminika. Alianza kuuliza linakufaje, na kila alipopata jibu alilolielewa alilegeza kamba kidogo. Ndilo nililotaka kulisema leo, mengine yote ni maelezo yake: fundi wa seva anaamini kitu ambacho maiti yake anaweza kuisoma.

Ikafika zamu ya kujenga imeji yenyewe. Binti alitaka kunakili seva ya zamani yote kama ilivyo aigeuze imeji. Inawezekana, na Mzee ndiye aliyekataa. "Ukinakili yote utabeba na takataka zangu za miaka tisa, na hutajua ipi ni takataka." Akaleta kaunta buku, akaliweka mezani. Wakaanza ukurasa wa kwanza, yeye anasoma, binti anaandika. Ikatoka hivi, nimeipunguza:

```
FROM centos:6
COPY vault.repo /etc/yum.repos.d/CentOS-Base.repo
RUN yum -y install httpd php php-mysql php-gd && yum clean all
COPY php.ini /etc/php.ini
COPY mikopo/ /var/www/html/
CMD ["/usr/sbin/httpd", "-DFOREGROUND"]
```

Mzee aliisoma akakaa kimya, kisha akasema hili ni daftari lake, tofauti ni kwamba hili mashine inalisoma yenyewe. Sina mfano mwingine wa kuongeza juu ya huo. Kurasa nyingi za daftari ziliishia kuwa mistari michache, kwa sababu nusu ya yaliyoandikwa yalikuwa ya kurekebisha yaliyoandikwa kabla yake.

Mstari wa mwisho alitaka aelezwe. Kwenye seva ya zamani alikuwa anapiga `service httpd start`, Apache inajitenga nyuma, na yeye anaendelea. Ndani ya kontena ukifanya hivyo, amri inamaliza kazi yake, prosesi namba 1 inaondoka, na kontena linazimika na Apache yote. Kontena linaishi muda ule ule ambao prosesi namba 1 inaishi. Ndiyo maana Apache inaambiwa ibaki mbele.

Imeji ikajengwa, ukurasa wa kuingilia ukafunguka, binti akapiga makofi. Mzee akasema bado. Aliweka sharti: seva ya zamani na kontena ziende sambamba mwezi mzima, kila taarifa ya malipo ya simu itumwe kote kuwili, kila moja ikiwa na nakala yake ya hifadhidata, na mwisho wa mwezi ripoti mbili zipigwe `diff`. Zikitofautiana hata mstari mmoja, hahami.

Zilitofautiana mistari mitano.

Wote watano walikuwa wanachama waliolipa usiku. Chukueni mmoja: alituma rejesho saa saba na nusu usiku kuamkia tarehe 1 Agosti, mkopo wake ulitakiwa ulipwe kufikia 31 Julai. Seva ya zamani ilimwandika amechelewa, faini ikamhusu. Kontena lilimwandika amelipa 31 Julai, saa nne na nusu usiku, ndani ya muda. Tofauti ni saa tatu kamili, na fundi yeyote wa ukanda wetu akiona saa tatu kamili anajua anatazama nini: kontena linahesabu kwa UTC. Malipo ya mchana nayo yalikuwa nyuma kwa saa tatu, sema ripoti ilikuwa inaonyesha tarehe tu, ndiyo maana walionekana wa usiku peke yao.

Mzee alichukua daftari akatafuta mstari wa majira. Alipekua mwanzo hadi mwisho, hakuna. Hakuna kwa sababu mwaka 2012 hakuandika amri yoyote ya majira. Kisimikaji cha CentOS kilimletea ramani ya dunia, akabofya Dar es Salaam, akaendelea. Daftari lilikuwa na kila kitu alichokiandika kwa mkono na halikuwa na chochote alichokibofya. Mnaohama kutoka seva za mkono, tafuteni huko: majira, lugha ya mfumo, herufi, jina la mashine, watumiaji waliotengenezwa siku ya kwanza. Havimo kwenye historia ya amri za mtu yeyote.

Halafu kuna kituko. Kwenye logi ya Apache ya seva ya zamani, tangu mwaka wa kwanza, PHP ilikuwa inaandika:

```
It is not safe to rely on the system's timezone settings.
```

Ilikuwa inasema hivyo maelfu ya mara na kila mtu ameizoea kama kelele ya feni. Wakaongeza `date.timezone = Africa/Dar_es_Salaam` kwenye `php.ini`, na `/etc/localtime` ya kontena wakaielekeza huko huko. Mwezi uliofuata `diff` haikurudisha kitu.

Nilidhani hapo Mzee angehama. Mimi ndiye ninayetunga na bado alinishinda. Alitaka jaribio moja la mwisho: kontena lifutwe. Lisizimwe, lifutwe kabisa, liwashwe jingine kutoka kwenye imeji ile ile. "Ninyi mnasema ni kitu cha kutupa. Haya, tutupe nione."

Lakini yeye si mtu wa kufuta kabla ya kuangalia. Akauliza, "Nitajuaje kilichobadilika humo tangu liwake?" Binti akamwonyesha `docker diff mikopo`. Hiyo amri inaorodhesha kila faili ambalo ndani ya kontena ni tofauti na imeji: `A` kwa lililoongezwa, `C` kwa lililobadilishwa, `D` kwa lililofutwa. Mzee aliipenda kuliko kitu kingine chochote alichoonyeshwa, na mimi nashangaa kwa nini haisemwi zaidi. Orodha ikaja, logi, mafaili ya muda, halafu mistari kama hii:

```
C /var/www/html/picha
A /var/www/html/picha/mwanachama_0412.jpg
```

Picha za wanachama. Programu ilikuwa inazihifadhi kwenye saraka yake yenyewe, ndani ya kontena. Wangepiga `docker rm -f` wakati ule zingekwenda zote na wala pasingekuwa na onyo. Nyaraka za mikopo zilizopigwa skani zilikuwa saraka ya jirani, zingefuata. Hili ndilo kosa linalowauma wengi wanaohamisha programu za zamani, kwa sababu programu ya 2012 haikuwahi kuambiwa kwamba saraka yake inaweza kutoweka.

Wakazihamishia nje, `/srv/mikopo/picha`, wakaliwasha kontena kwa `-v /srv/mikopo/picha:/var/www/html/picha`, na kwa saraka ya pili vile vile. Wakapima tena kwa `docker diff`. Kilichotoka ni logi na takataka za `/tmp` tu. Mzee akaiweka kanuni yake hapo: orodha ya `docker diff` ikiwa na kitu ambacho mtu angekililia, kontena halijawa tayari. Kisha akafuta mwenyewe, kwa mkono wake. Jipya likasimama kabla hajamaliza kuvuta kiti. Akaenda akafungua mwanachama namba 0412, picha ipo.

Wakahama Jumamosi moja mchana. Sina la kusimulia kuhusu siku yenyewe, ilikuwa shwari.

Yaliyofuata nitayasema kwa haraka. La kwanza lilimkasirisha. Aliifunga mashine kwa `ufw`, akaruhusu SSH na poti ya wavuti peke yake, halafu akaichungulia kwa `nmap` kutoka mashine nyingine, akaikuta poti 8080 ya kontena iko wazi. `ufw status` inasema imefungwa. Docker unapoiambia `-p 8080:80` inaandika kanuni zake kwenye `iptables`, na pakiti zinageuzwa kuelekea kontena kabla hazijafika kwenye kanuni za `ufw`. Tiba aliyoichagua ni kuandika `-p 127.0.0.1:8080:80`, ili kontena lisikilizwe na mashine yenyewe tu, na mbele yake ikasimama nginx ambayo aliisimika kwa mkono. Kwa hilo hajawasamehe watu wa Docker mpaka kesho, na mimi niko upande wake.

La pili lilimfurahisha. Kwenye seva ya zamani, ripoti kubwa zikipanda Apache ilikuwa inakula kumbukumbu mpaka kerneli inachagua wa kumuua, na mara nyingi ilimchagua MySQL, kwa sababu ndiye aliyekuwa mnene. Sasa aliliwekea kontena `--memory=1g`. Ripoti ikizidi, `dmesg` inaandika `Memory cgroup out of memory`, anauawa mtoto mmoja wa Apache ndani ya uzio huo huo, Apache inazaa mwingine, na mwanachama mmoja anaona ukurasa mweupe. Hifadhidata haijui kama kuna jambo.

Na hifadhidata yenyewe, alikataa. Ipo kwenye MariaDB, imesimikwa na Mzee moja kwa moja juu ya Debian ya mashine ya pili, na ina ukurasa wake kwenye daftari. Binti alimwambia inawezekana kuiweka kwenye kontena na data zikabaki nje kama picha zilivyobaki. Mzee akasema anajua inawezekana, ila faida ya kontena kwake ni kulitupa na kuwasha jingine, na hifadhidata si kitu anachokusudia kukitupa. Wapo humu watakaobishana naye, na wana hoja. Mimi kwa ofisi yenye hifadhidata moja na fundi mmoja anayeijua, ningefanya kama yeye.

PHP 5.3 nayo haikupona kwa kuingia kwenye kontena. Matundu yake yako pale pale, na kerneli ni moja, kwa hiyo aliyevunja programu yuko ndani ya uzio tu, si mashine nyingine. Mzee alimpa mwandishi wa programu mpaka mwisho wa mwaka, na toleo la PHP 7.3 likasimamishwa kwenye kontena la pili, poti 8081, linalishwa malipo yale yale na kupigwa `diff` kila mwezi. Siku hilo litakapolingana, ule mstari wa `vsyscall=emulate` unatoka kwenye grub.

Hadithi yangu imefika hapo. Kuna mkono naona umeinuka tangu nilipotaja `ufw`, nitaanza na wewe. Baada ya hapo, nimekuja na mashine yenye kerneli ya Debian na imeji ya `centos:6`, njooni mbele tuiue pamoja, kila mmoja aisome `dmesg` kwa macho yake.